Kukata stiki kwenye kadigani ya kufuma: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Nafuma na kushona Kabale, mji ambao jioni yake haikusamehi ukitoka bila sweta. Maswali haya yameletwa barazani kwangu na wateja, na wafumaji wenzangu, na dada mmoja wa Kisoro ambaye huuliza lilelile kila akishika mkasi. Karibu yote yana chanzo kimoja: maelezo tunayoyaona ya kukata stiki yameandikwa na watu wanaofuma kwa sufu ya kondoo, nasi hapa tunafuma kwa akriliki. Kwa hiyo majibu mengi hapa chini ni ya akriliki na cherehani. Sufu nimeiweka mahali pake.

## Mambo ya msingi

Stiki ni nini hasa?

Ni ukanda mwembamba wa vitanzi vya ziada, kwa kawaida kati ya 5 na 9, unaofumwa katikati ya mbele ya sweta. Unafuma mwili wote kama bomba, kwa kuzunguka, bila kugawanya mbele. Ukimaliza, unaimarisha ule ukanda kwa uzi, kisha unaukata kwa mkasi kutoka chini hadi shingoni. Bomba linafunguka na kuwa kadigani. Vitanzi vya stiki havihesabiwi katika upana wa nguo, kwa sababu mwishoni vinakunjwa kwenda ndani.

Neno lenyewe ni la Kiskoti, na lina maana ya kushona au kufunga. Wafumaji wa visiwa vya Shetland na wa Norwei wamekata sweta zao hivi kwa vizazi. Wa Shetland huitegemea sufu yao inayong'ang'aniana, wa Norwei wakashona kwanza kwa cherehani na kufunika ukingo kwa utepe. Kwa uzi tulio nao, sisi tuwafuate wa Norwei.

Katika ukurasa huu nitaita mstari ule mfululizo wa vitanzi unaolala, na nguzo ule unaosimama, kitanzi juu ya kitanzi. Ukishika tofauti hiyo, mengine yote ni mepesi.

Kwa nini nisifume tu vipande viwili vya mbele na kimoja cha nyuma?

Fuma, hakuna anayekukataza. Kama sweta ni ya rangi moja, mimi mwenyewe nafuma vipande. Faida ya stiki inaonekana kwenye maua ya rangi mbili. Ukifuma kwa kuzunguka, uso wa nguo unakutazama muda wote na unaliona ua likichanua. Ukifuma vipande, kila mstari wa pili unafumia upande wa nyuma huku rangi zote mbili zikipita usoni mwako, na hapo ndipo watu wanapokosea hesabu.

Unahitaji sindano ya mviringo, ile yenye waya katikati. Spoku za baiskeli ambazo wengi wetu tulijifunzia utotoni zinaweza kuzungusha soksi au sweta ya mtoto mchanga ukiwa nazo tano, lakini mwili wa mtu mzima utakuchosha.

Nikikata, sweta yote haitafumuka?

Hapana, na ni vizuri ujue sababu. Ufumaji hufumuka kwa urahisi kuelekea chini: kitanzi kikiponyoka, kile kilicho chini yake nacho kinaachia, nguzo nzima inashuka kama ngazi. Mkasi wa stiki unapita sambamba na nguzo, hauzikati vichwa. Kinachokatika ni uzi wa kila mstari, na ili mstari ufumuke, ncha yake iliyokatwa lazima ijichomoe kwa upande, kitanzi kimoja kimoja, ikipenya kwenye vitanzi vya juu na vya chini yake.

Sufu ya kondoo ina magamba madogo yanayokamatana, kwa hiyo ncha hiyo haiendi mbali. Akriliki ni laini kama tambi iliyopakwa mafuta. Ncha itajichomoa polepole, kila unapovaa na kila unapofua. Ndiyo maana sweta ya akriliki iliyokatwa vibaya huonekana nzima siku ya kwanza na kuaibika baada ya wiki tatu.

## Uzi ulio nao

Nitajuaje kama uzi wangu ni sufu au akriliki?

Kama lebo ipo, soma. Kama haipo, kata kipande cha urefu wa kidole, kishike kwa koleo juu ya kisahani cha bati na ukiwashe. Sufu inanuka nywele zilizoungua, inasita kuwaka, na jivu lake linasagika kati ya vidole. Akriliki inawaka kwa moshi mweusi, inayeyuka, na ikipoa inaacha kishanga kigumu kisichosagika. Uzi wa mchanganyiko unaonyesha dalili za pande zote mbili. Uhesabu kuwa akriliki.

Kuna mtego mmoja. Sufu nyingine imetibiwa kiwandani ili ifuliwe kwa mashine bila kugandamana. Kwenye moto inanuka sufu kweli, ila magamba yake yamelainishwa, nayo inateleza. Ijaribu hivi: chukua ncha mbili za uzi, zitenganishe nyuzinyuzi zake, zilaze moja juu ya nyingine, zilowanishe na kuzisugua viganjani kwa nguvu kama dakika moja. Sufu isiyotibiwa inashikana na kuwa uzi mmoja. Iliyotibiwa itabaki ncha mbili zilizolowa tu.

Nimefumua sweta ya mivumba. Uzi huo unafaa kwa stiki?

Unafaa sana, na mara nyingi ndiyo njia ya bei nafuu ya kupata sufu halisi huku kwetu. Kabla ya kununua, geuza sweta uangalie mishono ya ubavuni. Ikiwa vipande vilikatwa kwenye kitambaa kizima na kuzungushiwa uzi ukingoni, iache: ukiifumua utapata vipande vifupi vya mstari mmojammoja. Unataka ile ambayo kila kipande kilifumwa na ukingo wake mwenyewe. Osha uzi ukishaufumua, uning'inize ukiwa na uzito kidogo unyooke, kisha ufanye jaribio la viganja lililo katika swali lililotangulia.

Kwenye video wanaimarisha kwa krosheti tu na kukata. Mbona unasisitiza cherehani?

Kwa sababu nililipa ada ya somo hilo. Kadigani yangu ya kwanza ya stiki ilikuwa ya akriliki, ya mtoto wa dada yangu. Nilizungushia krosheti vizuri, nikakata, nikapigwa picha. Mwezi wa pili mtoto alikuja na kidole amekiingiza kwenye tundu kando ya kifungo cha tatu. Krosheti ilikuwa bado ipo, imesimama imara kabisa. Mistari ya sweta ndiyo iliyokuwa imejichomoa kutoka ndani yake.

Krosheti hukumbatia vitanzi, haivichomi. Inategemea uzi wenyewe ung'ang'anie. Mshono wa cherehani hupita katikati ya uzi na kuupigilia mahali pake. Kwa sufu isiyotibiwa krosheti inatosha, tena ni nyepesi na nzuri zaidi. Kwa akriliki, pamba, sufu iliyotibiwa na mchanganyiko wowote, ni cherehani.

## Kupanga stiki kabla ya kufuma

Niongeze vitanzi vingapi?

Kwa akriliki ya unene wa kawaida mimi naweka 7. Nitaeleza kwa kadigani moja niliyoifuma kwa mama anayeuza mboga, kisha majibu yanayofuata yatairudia hiyohiyo.

Alitaka kifua cha sentimita 100 ikishafungwa. Kwa sindano ya milimita 4 nilipata vitanzi 20 na mistari 26 katika sentimita 10. Mkanda wa vifungo una upana wa sentimita 3, na kwa kuwa mikanda miwili hulaliana, inahesabika mara moja tu. Basi mwili ni sentimita 97, yaani vitanzi 194. Nikaongeza 7 vya stiki, jumla 201. Kutoka chini hadi shingo inapoanza ilikuwa sentimita 48, sawa na mistari 125.

Zihesabu nguzo za stiki 1 hadi 7 kutoka kulia. Ya 4 ndiyo itakayokatwa. Ya 3 na ya 5 zitapokea mshono wa kwanza, ya 2 na ya 6 mshono wa pili. Ya 1 na ya 7 zinaachwa bila kushonwa, kwa sababu kando yake ndipo utakapookota vitanzi vya mkanda na ndipo nguo itakapokunjika. Kila nguzo hapa ina upana wa nusu sentimita, kwa hiyo kila upande unabaki na mkunjo wa ndani wa kama sentimita 1.75. Ukiwa na uzi mnene, 5 vinatosha, la sivyo mkunjo utafura kama kamba ndani ya nguo.

Fuma stiki kwa vitanzi vya wazi tupu. Ukianzisha urembo humo, hutaziona nguzo zako siku ya kushona.

Kwenye maua ya rangi mbili, stiki nayo iwe ya rangi mbili?

Ndiyo. Badilisha rangi kitanzi kwa kitanzi, ili nyuzi zote mbili zifike hadi ukingoni zikiwa zimeshikwa. Mimi napanga kila nguzo iwe na rangi yake: 1, 3, 5 na 7 rangi nzito, 2, 4 na 6 rangi nyepesi. Hapo nguzo ya kukata inajionyesha yenyewe. Mabadiliko ya uzi yote yafanyie katikati ya stiki. Ncha zitakatwa pamoja nayo, na hutakaa usiku ukizificha moja moja.

Niifue kabla ya kukata?

Ndiyo. Ifue, ikamue ndani ya taulo, ilaze kwenye mkeka kwa vipimo vyake na uiache ikauke kabisa. Vitanzi vinatulia na nguzo zinanyooka. Kushona stiki iliyopinda ni kutafuta ugomvi.

## Kushona na kukata

Cherehani yangu ni ya kukanyaga, ina mshono mnyoofu peke yake. Inatosha?

Inatosha, wala usimtafute mwenye zigizaga. Kwa kadigani ya yule mama nilifanya hivi.

Kwanza nilipitisha uzi wa rangi tofauti kwa mkono, juu kwa chini, kando ya nguzo ya 4 mwanzo hadi mwisho. Sweta ikishaingia chini ya cherehani macho yanadanganyika haraka, na uzi huo ndio unaokurudisha njiani.

Pili, urefu wa mshono. Mistari 26 katika sentimita 10 maana yake kila mstari una kimo cha karibu milimita 4. Ukishona kwa hatua za milimita 4, sindano inaweza kutua kati ya mistari mara kadhaa mfululizo bila kuuchoma uzi. Weka milimita 2, ili kila mstari upate hatua mbili. Cherehani nyingi za zamani hazina namba za kuaminika, kwa hiyo shona kwenye kitambaa chakavu na uhesabu: hatua 10 zienee sentimita 2. Tumia uzi wa poliesta wa rangi inayokaribiana na sweta, na sindano namba 14 iliyo kali.

Tatu, karatasi. Weka ukanda wa gazeti chini ya stiki ili meno ya cherehani yasivute vitanzi, na ikiwa kile kiguu kinachokandamiza kinakamata vitanzi vya juu, weka karatasi nyembamba juu pia. Ukimaliza inachanika kwenye mshono kwa urahisi. Gazeti lenye wino mbichi litachafua sweta nyeupe, basi kwa nyeupe tumia karatasi tupu. Kama cherehani yako ina skurubu ya kulegeza mkandamizo wa kiguu, ilegeze.

Nne, shona. Anza chini, panda na nguzo ya 3 katikati yake hadi juu. Kata uzi, rudi chini, panda na ya 5. Kisha ya 2, kisha ya 6. Mishono yote minne iende chini kwenda juu. Ukipanda na mmoja na kushuka na mwingine, cherehani inasukuma kitambaa pande mbili tofauti na mbele za kadigani hazitalingana. Mwanzo na mwisho wa kila mshono rudi nyuma hatua tatu nne uufunge.

La muhimu kuliko yote ni mikono yako: iongoze sweta, usiivute. Mafundi waliozoea vitenge hukaza kitambaa mbele na nyuma ya sindano, na kwa kitenge hakuna ubaya. Sweta iliyoshonwa ikiwa imevutwa inabaki imevutwa daima. Ukimpelekea fundi jirani, kaa naye, na umwombe aende polepole.

Nitajuaje mshono umeshika kabla sijakata?

Geuza upande wa ndani. Shika kitambaa kwa vidole pande mbili za mshono, kwa umbali wa sentimita moja, uvute kwa upande taratibu, sehemu baada ya sehemu hadi juu. Uzi wa sweta unapaswa kusimama palepale ulipochomwa. Ukiona mstari unateleza chini ya uzi wa poliesta, au dirisha linafunguka, hapo sindano iliruka. Shona tena juu ya mshono uleule. Chunguza zaidi ukingo wa chini na shingoni, kwa kuwa kiguu huruka mahali ambapo unene unabadilika.

Dakika tano za ukaguzi huu zina thamani kuliko maelezo yote mengine ya ukurasa huu.

Na kukata kwenyewe?

Ingiza kadi ngumu au kalenda ya mwaka jana ndani ya sweta, kati ya mbele na nyuma. Usicheke. Kuna mtu namfahamu aliyekata mbele na mgongo kwa pamoja.

Mkasi uwe mdogo na mkali hadi ncha. Kaa mahali penye mwanga wa mchana. Vuta nguzo ya 4 kidogo kwa upande, na katikati yake utaona vijiuzi vinavyolala kama vipandio vya ngazi. Kata hivyo, viwili vitatu kwa mara moja, ukiangalia mishono ya kushoto na kulia kila hatua. Chomoa ule uzi wa alama kadiri unavyopanda. Kwa yule mama mistari 125 ilinichukua chini ya robo saa, chai ikiwa mezani mbali.

Ukingo utaonyesha manyoya ya nyuzi fupi. Yaache. Ukiyapunguza sana unaukaribia mshono bila sababu.

Sina cherehani kabisa.

Shona kwa mkono mshono wa kurudi nyuma, ule ambao kila hatua inarudi nusu na kwenda mbele nzima. Nguzo ni zilezile, na mishono ni minne vilevile. Tofauti ni kwamba lazima uhakikishe kila hatua inaupasua uzi wa sweta katikati, isipite kando yake. Tumia sindano nyembamba yenye ncha kali, si ile butu ya kuunganishia sweta. Ni kazi ya jioni mbili, lakini nimeona mishono ya mkono iliyodumu kuliko ya cherehani iliyofanywa kwa haraka.

Uzi wangu ni sufu isiyotibiwa. Krosheti inafanywaje?

Hapa stiki ya vitanzi 5 inatosha, na unakata nguzo ya 3. Kila kitanzi kinaonekana kama herufi V yenye miguu miwili. Chukua uzi wa sufu mwembamba kuliko wa sweta, na kulabu ya krosheti ndogo kidogo kuliko sindano uliyofumia. Anzia chini. Ingiza kulabu kwenye mguu wa kitanzi cha 2 ulio karibu na katikati pamoja na mguu wa kitanzi cha 3 unaopakana nao, vuta uzi, funga kwa krosheti fupi. Panda hivyo mstari kwa mstari hadi juu. Kisha shuka ukiunganisha mguu wa pili wa kitanzi cha 3 na mguu wa jirani wa kitanzi cha 4.

Ukimaliza, minyororo miwili inaegemea kila mmoja upande wake, na katikati yake vile vipandio vya ngazi vinajitokeza wazi. Kata hivyo tu. Njia hii inafaa pale mkato unapofuata nguzo moja iliyonyooka. Kwenye mkato wa kupinda, soma swali la shingo na makwapa.

## Baada ya kukata

Naokotaje vitanzi vya mkanda wa vifungo?

Okota kati ya nguzo ya 1 ya stiki na kitanzi cha kwanza cha mwili, na upande wa pili kati ya ya 7 na mwili. Usiokote kila mstari. Mstari ni mfupi kuliko upana wa kitanzi, kwa hiyo ukiokota yote mkanda utajaa na kujikunja. Okota 3 kwa kila mistari 4. Kwa mistari 125 nilipata 94, na kwa sindano ya milimita 3.5 nikafuma mbavu za 2 kwa 2. Hesabu hiyo ina faida nyingine: 94 inaanza na kuishia na vitanzi 2 vya wazi, ncha zote mbili zinafanana.

Vifungo viliwekwa 7, cha kwanza na cha mwisho sentimita 1.5 kutoka ncha, na vilivyobaki kila sentimita 7.5. Fuma kwanza upande wa vifungo, uweke alama, kisha ufume upande wa matundu ukifuata alama hizo.

Ukingo uliokatwa ndani niuache wazi?

Sufu unaweza kuikunja, ukaishikiza kwa mishono midogo ya mkono, na baada ya kufuliwa mara kadhaa itajigandamanisha yenyewe. Akriliki haitafanya hivyo kamwe. Ifunike kwa utepe.

Utepe wa pamba, kama upana wa sentimita 2.5, ufue na ukaushe kwanza, maana ukisinyaa baadaye utaikunja mbele yote. Pima urefu wake kadigani ikiwa imelala mezani, bila kuivuta wala kuishika ikining'inia. Kunja mkunjo wa stiki kwenda ndani, laza utepe juu yake, ushone kwa mkono pande zote mbili ukichukua uzi mmoja tu wa nyuma ya kitanzi ili mshono usionekane nje. Utepe pia unabeba uzito wa vifungo, na mbele haitashuka kuliko mgongo. Mteja wangu alichagua wa kitenge, vipande vilivyobaki kwenye gauni lake. Ulipendeza kuliko ule wa dukani.

Naweza kupiga pasi ukingo ulale?

Akriliki, hapana. Joto linaulegeza uzi moja kwa moja, unabaki umelala kama jani la mgomba motoni, na hakuna kufua kutakakourudisha. Pasi ya mkaa ni hatari zaidi kwa sababu huwezi kuipimia joto. Lowanisha ukingo, ubane kwa pini kwenye godoro, usubiri ukauke.

Mbele imekuwa mawimbi. Nifanye nini?

Tafuta kwanza mawimbi yametoka wapi. Kama yalikuwapo kabla ya mkanda, sweta ilivutwa chini ya cherehani. Ukiwa hujakata, fumua mishono yote minne kwa subira, fua, kausha, shona upya. Ukiwa umekata, usifumue yote: shona kwanza mshono mpya bila kuvuta, kwenye sehemu ya nguzo ya 1 na ya 7 iliyo karibu na mkato, ndipo uifumue ile ya zamani. Kama mawimbi yalikuja na mkanda, uliokota vitanzi vingi mno. Fumua mkanda peke yake na urudie hesabu ya 3 kwa 4.

## Visa vigumu

Nataka kuifungua mbele sweta ya shule ya kuvuta kichwani. Haina stiki.

Inawezekana, na mwanzo wa muhula huja nyingi. Zimefumwa kwa mashine, kwa akriliki nyembamba, kwa hiyo usihesabu nguzo, pima. Tafuta nguzo ya katikati kabisa kwa kukunja sweta mara mbili, ifuate kwa uzi wa alama kutoka shingoni hadi chini. Shona milimita 5 kila upande wa alama, kisha milimita 8, hatua za mshono zikiwa za milimita 1.5 kwa sababu mistari imebanana. Kagua, kata, funika kwa utepe.

Kumbuka kwamba hapa unakula nguo yenyewe. Kila upande utakunja kama sentimita 1.2, jumla sentimita 2.4, na kama unaweka zipu badala ya mkanda wa kufuma, upana huo haurudi. Sweta inayombana mtoto usiikate. Na mzazi aulize shule kwanza kama inaruhusu.

Shingo na makwapa navyo vinakatwa hivyo?

Makwapa ndiyo, kama ulifuma stiki ya kila upande na mkato umenyooka. Mchakato ni uleule, na mkono unashonewa hapo. Shingo ya duara ni jambo lingine. Ukikata kwa kupinda unavuka nguzo, na kila nguzo uliyovuka iko tayari kushuka kama nilivyoeleza kwenye swali la kufumuka. Hapo krosheti haina kazi hata kwa sufu. Shona mishono miwili ya cherehani kufuata mpindo, hatua za milimita 1.5, ndipo ukate. Mimi huepuka kabisa: napunguza vitanzi vya shingo wakati wa kufuma, mkasi unaishia pale shingo inapoanza.

Mkasi umegusa mshono, au kitanzi kimeshaponyoka. Bado kuna tumaini?

Acha kukata hapohapo na usiinue sweta. Weka pini ya usalama kwenye kitanzi kilichoponyoka, hata kama kimeshuka mistari kadhaa. Ukiwa na kulabu ya krosheti, kipandishe: shika kitanzi, chukua kipandio kilicho juu yake, kipitishe ndani, endelea hadi juu, kisha ukifungie kwa uzi wa kushonea.

Kama uzi wa mshono mmoja tu ndio uliokatika na ule wa pili ni mzima, shona juu ya ulioharibika ukianzia sentimita 3 kabla ya jeraha na kuishia sentimita 3 baada yake. Ikiwa yote miwili imekatwa, mshono mpya uhamie nguzo ya 1, na utaokotea vitanzi vya mkanda ndani ya kitanzi cha kwanza cha mwili. Kadigani itapungua nusu sentimita upande huo. Fanya hivyohivyo upande wa pili ili zilingane.

Gundi ya aina yoyote, hapana. Nimeletewa moja iliyopakwa gundi ya viatu. Ukingo ulikuwa mgumu kama ukucha, na sweta ilikuwa imekatika kando ya gundi, mstari mzima, vizuri kabisa.